Chapati ya mia nne inapogoma: kupandisha bei bila kuwafukuza wateja wa kila siku

Mara ya kwanza ngano ilipopanda nilifanya wanachofanya wapika chapati wengi: bei sikuigusa, nikagusa donge. Beseni la kilo 5 lilikuwa linanipa chapati 60, nikaanza kulitoa 68. Bango likaendelea kusema 400. Siku ya tatu, dereva wa bodaboda ambaye hunywa chai kwangu kila asubuhi aliinyanyua chapati yake, akaielekeza kwenye jua linalochomoza upande wa Himo, akasema, "Mama, namwona mtu upande wa pili." Meza nzima ikacheka, na mimi nikacheka. Wiki iliyofuata watatu wa meza ile walikuwa wanakunywa chai ng'ambo ya barabara.

Mara ya pili nilienda tofauti, na ndiyo ninayoieleza hapa. Kibanda changu kiko Majengo, Moshi. Nauza chai, chapati na mtori. Mabeseni mawili ya chapati huishia mezani, la tatu huenda kwenye vioski. Bei nitakazotaja ni za jikoni kwangu wakati ule. Wewe weka za kwako, lakini hesabu ifuate njia ileile, hata kama unauza sambusa au unashona sare za shule.

Kwanza: subiri mifuko mitatu

Si kila kinachopanda kinastahili kubadilisha bango. Mkaa hupanda masika, kuanzia Machi hadi Mei, kwa sababu barabara za huko unakotoka zinaharibika na gunia linafika limelowa. Mvua ikikatika, unashuka. Nyanya na vitunguu vina misimu yao. Hata ndizi za mtori zina miezi yake ya uhaba. Ukipandisha bei kwa ajili ya kitu cha msimu, itakubidi uishushe baadaye, au ukae na bei ambayo kila mteja anajua haina sababu tena.

Ngano na mafuta ya kula ni habari nyingine. Sehemu kubwa ya ngano tunayokula Tanzania inatoka nje, na mafuta ya kula mengi vilevile, ingawa Singida wanalima alizeti. Kwa hiyo bei yake inabeba dola, meli, bandari ya Dar es Salaam na dizeli ya lori la kupandisha mzigo mpaka huku. Mwaka 2022 vita vya Ukraini vilipoanza, sisi wa chapati na maandazi tulivisikia kwenye ndoo ya mafuta kabla hatujaelewa vinapiganwa wapi. Bei ya mafuta ya magari nayo EWURA huitangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na ikipanda miezi miwili mfululizo, usitarajie mfuko wa ngano ushuke.

Kanuni yangu ni mifuko mitatu. Nikinunua mfuko wa kwanza kwa bei mpya, naandika tu. Wa pili nauliza maduka mawili ya jumla pale Mbuyuni, si moja, kwa sababu wakati mwingine ni duka langu tu limeishiwa na linauza mzigo wa mwisho kwa bei ya tamaa. Wa tatu ukiwa bado juu, nakaa chini na karatasi. Kwa kasi yangu mifuko mitatu ni kama siku tano. Katika siku hizo naumia, ndiyo, lakini najua ninachoumia nacho.

Pili: beseni moja, karatasi moja

Kosa la wengi wetu ni kuhesabu kwa mwezi. Mwezi una mambo mengi mno: ada, msiba, mtoto kuumwa, hela iliyotoka kwenye droo bila kuandikwa. Hesabu kwa beseni moja. Pima kilo 5 za ngano kwa mizani, tia alama kwenye chupa ya mafuta kabla hujaanza na baada ya kumaliza, na uhesabu chapati zilizotoka.

Zamani mfuko wa kilo 25 niliununua 42,000, kwa hiyo ngano ya beseni ilikuwa 8,400. Mafuta yanaondoka lita moja na robo. Dumu la lita 20 likiwa 80,000, hiyo ni 5,000. Chumvi na sukari 300. Mkaa 1,500. Jumla ya vitu vinavyoliwa na beseni lenyewe: 15,200. Halafu kuna vinavyolipwa hata nisipouza chapati moja: kijana anayesukuma, ambaye posho yake ya siku nikiigawa kwa mabeseni ni 3,500, na kodi ya kibanda pamoja na maji na taka, 1,800. Hizo ni 5,300. Beseni zima likawa 20,500.

Hapa angalia jambo ambalo lilinidanganya kwa miaka. Ukigawa 20,500 kwa chapati 60 unapata kama 342, na kwa bei ya 400 unajiona unapata 58 kwa kila moja. Lakini mimi siuzi 60. Moja inaungua, moja inachanika, moja inalala na kesho yake naila na watoto. Nauza 57. Ukigawa kwa 57, chapati imenigharimu karibu 360. Faida yangu ya beseni ilikuwa 57 mara 400, yaani 22,800, kutoa 20,500, inabaki 2,300. Hiyo ndiyo pesa ya kazi yangu ya kuamka saa kumi alfajiri.

Sasa bei mpya. Mfuko ukafika 50,000, ngano ya beseni ikawa 10,000. Dumu la mafuta likafika 96,000, lita moja na robo ikawa 6,000. Mkaa 1,800. Chumvi na sukari zilibaki 300, kwa hiyo vinavyoliwa na beseni vikawa 18,100. Ongeza zile 5,300 za kijana na kibanda: 23,400. Mauzo bado 22,800.

Nilikuwa naamka saa kumi alfajiri kumlipa mteja shilingi 600 kwa kila beseni ili anisaidie kula chapati.

Ukiona kwenye karatasi kitu cha namna hiyo, kwanza angalia kama kuna kinachovuja kabla hujamgeukia mteja. Mimi niligundua madonge ya kijana hayalingani: mengine gramu 120, mengine 150. Tukaanza kupima donge kwa mizani ya jikoni. Chapati hazikuongezeka, ila manung'uniko ya "ya mwenzangu kubwa" yaliisha, na jambo hilo lilikuja kunisaidia baadaye. Nilijaribu pia ngano ya bei nafuu, kilo moja tu, nikaipika na kuila mwenyewe. Ikifika saa nne inakakamaa kama kadi. Nikaiacha. Usijaribu ngano mpya kwa wateja siku ileile unayopandisha bei; watasema vyote viwili kwa pamoja na hutajua kipi kimewaudhi.

Tatu: hesabu ni wangapi unaweza kuwakosa

Hofu ya kupandisha bei ni "watakimbia". Sawa, watakimbia wangapi? Hiyo ina jibu, na jibu liko kwenye karatasi ileile.

Chukua bei ya chapati, toa vile vinavyoliwa na chapati yenyewe, yaani ngano, mafuta, chumvi na mkaa. Kinachobaki ndicho kinachomlipa kijana, kibanda na wewe. Zamani vitu hivyo vilikuwa 15,200 kwa chapati 57 zilizouzwa, kama 267 kila moja. Kwa hiyo chapati ya 400 ilikuwa inaniachia 133. Mara 57, inakuja 7,600: ile 5,300 ya kijana na kibanda, na 2,300 yangu.

Sasa hivi vitu hivyo ni 18,100, kama 317 na nusu kwa chapati. Nikiuza 500, kila moja inaniachia 182 na nusu. Ili nipate 7,600 ileile nahitaji kuuza 42. Maana yake, kutoka 57 naweza kukosa 15 kwenye kila beseni, nikanda pungufu, na bado nikabaki pale nilipokuwa kabla ngano haijapanda. Nikiuza 450, kila moja inaniachia 132 na nusu, na hata nikiuza zote 57 napungukiwa kidogo na ile 7,600. Hakuna nafasi hata ya mtu mmoja kukasirika.

Soma tena hapo, maana ndipo wengi tunapojikwaa. Bei ya katikati inaonekana ya huruma, lakini haina pumzi. Ukiogopa na kupandisha kidogo, akaondoka mtu mmoja tu, uko chini ya pale ulipokuwa, na baada ya miezi miwili utapandisha tena. Mteja anavumilia bei kupanda mara moja kwa sababu anayoijua. Kinachomchosha ni kuvizia bango kila mwezi aone leo limeandikwa nini.

Nne: sarafu nazo zina kauli

Tuna sarafu za 50, 100, 200 na 500. Ya 50 ipo, ni halali, lakini jaribu kuipata saa moja asubuhi wakati watu kumi wamesimama. Ukiandika 450, nusu ya wateja watakupa 500 na utawadai uvumilivu, au utawapa pipi. Mtu mzima aliyepewa pipi badala ya chenji yake siku tano mfululizo anaona amelipa 500 na amedhulumiwa juu yake. Wanaolipa kwa lipa namba hawana shida hiyo, ila kwangu bado ni wachache. Anayewahi abiria stendi analipa kwa kilichomo mfukoni.

Kwa hiyo kutoka 400 ngazi halisi inayofuata ni 500. Gharama zangu zilipanda asilimia 14. Bei ingepanda asilimia 25. Mteja hana karatasi yako, lakini anajua mia moja juu ya mia nne ni nyingi, na yuko sahihi.

Nilichofanya ni kuangalia watu wanakulaje. Wengi wangu hawali moja. Wanakula mbili na chai ya rangi. Nikapanga hivi: moja 500, mbili 900. Chai ya rangi niliiacha 300. Kifungua kinywa chao kikatoka 1,100 kikawa 1,200, na ukiniuliza, 1,200 ni rahisi kulipa kuliko 1,100. Ukipandisha bei, acha kitu kimoja ambacho mteja anakigusa kila siku kibaki palepale. Kwangu ilikuwa chai.

Punguzo la mbili si la bure, lazima nalo ulihesabu. Katika chapati 57, niliona kama 40 zinaondoka mbilimbili na 17 zinaondoka mojamoja. Hiyo ni 18,000 na 8,500, jumla 26,500, wastani wa 465 kwa chapati. Kila moja inaniachia kama 147, na sasa nahitaji kuuza 52. Nafasi yangu ya kukosa imepungua kutoka 15 hadi 5. Nilikubali, kwa sababu wale wa mbilimbili ndio walewale wa kila siku, na hao sikutaka hata mmoja aanze kuzoea benchi la jirani. Kama wateja wako ni wapita njia wa stendi ambao huwaoni tena, punguzo la mbili ni hasara tu. Weka 500 uendelee na kazi.

Kuna wanaokuja na 300 kamili mkononi, hasa wanafunzi na vijana wa kubeba mizigo. Hao niliwatengenezea chapati ndogo, donge la gramu 85 badala ya 133, na nikaiandika kwenye bango: NDOGO 300. Hili si lile kosa la mwanzo. Mara ya kwanza niliipunguza chapati nikaendelea kuiita kwa jina lake. Sasa kubwa ni kubwa, ndogo ni ndogo, zimekaa kwenye hotipoti mbili, na mtu anachagua. Ila usizipike nyingi. Nilianza na kumi kwa siku, maana zikijaa, hata mwenye 500 anahamia huko.

Tano: waambie wa vioski kwanza

Hawa ndio unaoweza kuwapoteza wote kwa siku moja. Wanachukua kwangu kwa 350 na walikuwa wanauza 400. Kwa gharama mpya, chapati ya 350 inaniachia shilingi 32, haitoshi hata posho ya kijana. Nikipeleka 400 inaniachia 82 na nusu, karibu sawa kabisa na 83 niliyokuwa napata zamani.

Ukimpelekea mwenye kioski chapati asubuhi na bei mpya papo hapo, umempa matatizo mawili: hana bango jipya, na wateja wake hajawaambia. Nilikwenda wiki moja kabla, mchana, wakati hana watu. Nilimwambia mmoja, mzee ambaye tunamwita Mangi kama anavyoitwa kila mwenye duka huku kwetu: "Mangi, kuanzia Jumatatu ijayo chapati nakupa kwa mia nne. Kwangu mezani nitauza mia tano moja." Alinyamaza akihesabu. Halafu akasema, "Kwa hiyo na mimi nauza mia tano." Nikamwambia hiyo ni juu yake. Alikuwa anapata 50 kwa chapati, sasa anapata 100. Tangu hapo yeye ndiye aliyekuwa anawaeleza watu kwamba ngano imepanda, kwa bidii kuliko mimi.

Sehemu hii ina mpaka. Kumwambia mteja wako wa jumla bei yako ni sawa. Kuitisha kikao cha wapika chapati wote wa mtaa mkubaliane wote muuze 500 si sawa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza washindani kupanga bei pamoja. Tena hata bila sheria, kikao hicho huvunjika siku ya pili. Daima kuna mmoja anayerudi nyumbani na kubaki 400.

Sita: siku, na maneno

Chagua Jumatatu iliyo karibu na mwanzo wa mwezi. Mafundi wamelipwa Jumamosi, wa mishahara wameshapata. Tarehe 20 kila mtu amekauka na mia moja inaonekana kama elfu. Januari usiguse kabisa, ni mwezi wa ada. Ramadhani usiguse, chapati inahitajika kwa futari na utaitwa mlafi hata kama una haki. Desemba inajaribu, kwa sababu Moshi inajaa watu waliokuja kula Krismasi nyumbani na wanalipa bila kuuliza. Lakini wakiondoka unabaki na wale wako wa miezi kumi na moja, nao waliona.

Bango lije baadaye, mdomo utangulie. Siku nne kabla nilimwambia kila mtu wa daftari na kila mtu wa kila siku, mmoja mmoja, wakati anamaliza kula, si wakati anaagiza. Maneno yalikuwa machache: "Kaka, kuanzia Jumatatu chapati ni mia tano, mbili mia tisa. Mfuko wa ngano umepanda elfu nane. Donge ni lilelile." Basi. Usiombe radhi mara tatu, na usianze habari za kodi na ada za watoto. Na yeye anazo. Taja kitu kimoja anachoweza kwenda kukiuliza dukani na kukuta ni kweli.

"Donge ni lilelile" ndiyo sentensi iliyofanya kazi. Mzee mmoja fundi seremala aliniangalia akauliza, "Una hakika, mwanangu?" Nikaweka donge kwenye mizani mbele yake: gramu 133. Akasema, "Haya, shikamoo yako leo nimeipokea vizuri."

Kuna watakaoomba "mimi niuzie ya zamani, tumetoka mbali". Usimkubalie mmoja kwa siri. Kwenye meza ya watu sita siri inaishi mpaka chai ya pili. Nilichowapa ni wiki moja: kila mwenye daftari, mpaka Jumapili, anakula kwa 400. Na deni la zamani linalipwa kwa bei ya siku iliyoliwa. Piga mstari kwenye ukurasa wake, andika tarehe, mwonyeshe. Nimeona rafiki yangu akipoteza wateja wanne kwa sababu alijumlisha daftari lote kwa bei mpya. Aliona ni uvivu wa kuhesabu tu. Wao waliona ni wizi.

Saba: wiki tatu za kuhesabu

Siku ya kwanza utahisi kibanda kimekufa. Usiamue chochote siku hiyo. Andika jioni vitu viwili: umeuza chapati ngapi kwa beseni, na nani hajaonekana. Mimi niliandika majina ya watu 20 wa kila siku nyuma ya daftari na kuweka alama.

Wiki ya kwanza niliuza wastani wa 49. Chini ya 52 niliyohitaji, kwa hiyo faida ya beseni ilikuwa kama 1,900 badala ya 2,300, lakini kumbuka ningebaki 400 ningekuwa napoteza 600. Nilipoangalia alama, waliopotea kabisa walikuwa wawili. Wengine walikuwa wanakuja na kula moja badala ya mbili. Hii ni tofauti kubwa. Aliyekuja akala moja bado ni wako, anajipima, na mara nyingi wiki ya pili tumbo linamshinda. Aliyetoweka siku nne ndiye wa kuulizwa hali. Uliza hali tu, usitaje chapati. Mmoja wa wale wawili alikuwa amekwenda Rombo kwenye msiba.

Wiki ya tatu nilifika 53, faida kama 2,500. Ningebaki 45 au chini mpaka wiki ya nne, nisingerudisha 400; ningeongeza zile ndogo za 300 na kupunguza beseni moja, kwa sababu kurudisha bei kunawaambia watu wasubiri kila utakapopandisha.

Jirani aliyebaki 400 alinitia wasiwasi kwa siku kumi hivi. Nikamtuma mtoto aninunulie mbili, nikazipima zikiwa zimeiva. Zilikuwa nyepesi kuliko zangu kwa karibu robo. Sikumwambia mtu. Wenye macho wanaziinua wenyewe juani.

Miezi minne baadaye mfuko ulishuka mpaka 47,000. Nilikuwa nimewaambia watu sababu ni ngano, kwa hiyo nilijua watauliza. Kushuka hadi 450 kungenirudisha kwenye sarafu za 50, na 400 isingeniachia hata shilingi moja. Nikaacha bei, nikabadilisha beseni: kilo 5 zikawa zinatoa 57 badala ya 60. Sikutangaza. Siku ya pili yule dereva wa bodaboda alirudi kutoka ng'ambo ya barabara na kofia yake ya chuma mkononi, akakaa, akainyanyua chapati juani kama kawaida yake, akaishusha.

"Leo simwoni," akasema, akaagiza ya pili.